Asilimia Mia ya Mtu Mmoja

Mtumishi aliyegawanywa kati ya miradi mitatu haonekani mzima mahali popote. Meneja wa mradi wa kwanza anaona kipande chake, wa pili chake, na wa tatu chake. Kila kipande ni cha kiasi, na kila meneja anaweza kuapa kwamba hajamwelemea mtu. Hata hivyo, jumla ya vipande hivyo inaweza kuzidi saa zilizomo katika wiki. Hakuna anayeuficha mzigo huo. Umejificha wenyewe kwa sababu hakuna karatasi inayoujumlisha. Ili uonekane, hesabu inabidi ianzie kwa mtu badala ya kuanzia kwenye mradi: kazi zake zote, za miradi yote, zinawekwa pamoja wiki kwa wiki na kulinganishwa na saa alizonazo kweli.

Tatizo hili lipo katika karakana, hospitali na kampuni za ujenzi, lakini katika Afrika Mashariki limeota mizizi zaidi kwenye asasi zisizo za kiserikali. Wafadhili wengi hulipia mradi, hawalipii ofisi. Asasi yenye mradi wa maji, wa lishe na wa vijana haiwezi kuajiri afisa ufuatiliaji na tathmini watatu, kwa hiyo huajiri mmoja na kumgawa. Katika bajeti ya kwanza anaandikwa kwa asilimia 40, ya pili 35, ya tatu 25. Mhasibu hugawanywa hivyohivyo, na afisa manunuzi, na dereva. Mkurugenzi akijumlisha anapata 100, anaridhika, na faili linafungwa.

Asilimia hiyo ina kazi yake halali. Inajibu swali la nani analipa mshahara. Haijibu kazi itafanyika lini, wala kama itaingia ndani ya wiki. Asilimia 40 ya mwaka inaweza kuwa siku mbili kila wiki, au miezi mitano mfululizo bila pumzi na miezi saba bila kazi, na katika vitabu vya mhasibu hali hizo mbili ni kitu kimoja. Mzigo uliojificha umekaa hapo hasa, katika tofauti kati ya wastani wa mwaka na hali ya wiki moja.

Kanuni za fedha zenyewe zinaijua tofauti hiyo kuliko ofisi nyingi zinavyodhani. Kanuni ya serikali ya Marekani kuhusu fedha za ruzuku, inayotambulika kwa namba 2 CFR 200.430, inataka kumbukumbu za mishahara zionyeshe shughuli zote anazolipwa mtumishi, na jumla isizidi asilimia 100. Inasema pia kwamba makadirio ya bajeti peke yake si ushahidi wa kutosha wa kutoza mshahara kwenye mradi. Kwa maneno mengine, aliyeandikwa asilimia 40 hatozwi asilimia 40 kwa sababu tu ndivyo ilivyoandikwa. Anatozwa kwa kazi aliyoifanya.

Hesabu yenyewe inaeleweka vizuri zaidi kwa mfano. Afisa ufuatiliaji na tathmini wa asasi iliyoko Mwanza, yenye miradi katika wilaya za Magu, Misungwi na Ukerewe, anagawanywa kama ilivyotajwa: maji 40, lishe 35, vijana 25. Mkataba wake ni wa saa 40 kwa wiki. Kwa hesabu ya haraka, mradi wa maji una saa 16 za wiki yake, lishe saa 14, vijana saa 10. Wiki nne zina saa 160, na zote zimegawanywa.

Kosa la kwanza limo katika hiyo 40. Kila wiki kuna kikao cha wafanyakazi cha Jumatatu, barua pepe zisizo za mradi wowote, fomu za kuomba na kurejesha masurufu ya safari, na mkuu wa idara anayehitaji takwimu za bodi leo kabla ya saa kumi. Kazi hizi hazina mfadhili, kwa hiyo hazina mstari katika bajeti, lakini zinakula saa halisi. Akiandika kwa wiki kadhaa muda unaokwenda huko, afisa wa mfano huu anakuta ni kama saa 6. Zinazobaki kwa miradi ni 34. Katika wiki yenye sikukuu moja ya katikati ya wiki ya kazi, saa 40 zinashuka hadi 32, na zinazobaki kwa miradi ni 26, kwa sababu vikao na fomu havipungui kwa ajili ya sikukuu. Likizo nayo lazima iondolewe mapema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mtumishi siku 28 mfululizo kwa mzunguko wa mwaka, yaani wiki nne kamili ambazo uwezo wake ni sifuri. Ofisi nyingi huzijua wiki hizo anapowasilisha fomu ya likizo, wakati mpango wa kazi wa mwaka ulishapitishwa bila kuzihesabu.

Baada ya kujua uwezo, kinachofuata ni kuorodhesha kazi zenyewe. Kwa afisa huyu mwezi wa kuangalia ni Oktoba. Wiki ya kwanza inaanza Jumatatu ya tarehe 30 Septemba, na Siku ya Nyerere, tarehe 14 Oktoba, inaangukia Jumatatu ya wiki ya tatu. Mradi wa maji unataka ripoti ya robo mwaka: kukusanya takwimu za vituo vya kuchotea maji kutoka wilayani, kuzisafisha na kuzichambua, kisha kuandika, pamoja na saa chache za ufuatiliaji wa kawaida. Mradi wa lishe unataka ripoti yake kabla ya tarehe 15, na meneja wake amepanga utafiti wa kaya mwezi huohuo, ambao unahitaji saa 16 za kuwafundisha wadadisi katika wiki ya pili na saa 18 za kuwasimamia uwandani katika wiki ya tatu. Mradi wa vijana una ripoti fupi katika wiki ya pili na ugeni wa mfadhili katika wiki ya tatu. Saa zikijazwa, sura inakuwa hii:

| Wiki | Maji | Lishe | Vijana | Jumla | Uwezo | Mzigo |
|---|---|---|---|---|---|---|
| 1 | 16 | 8 | 4 | 28 | 34 | 82% |
| 2 | 18 | 22 | 10 | 50 | 34 | 147% |
| 3 | 10 | 18 | 8 | 36 | 26 | 138% |
| 4 | 4 | 8 | 6 | 18 | 34 | 53% |

Jedwali hili likisomwa kwa safu za kushuka, kama mameneja wanavyolisoma, hakuna tatizo. Maji wametumia saa 48 wakati fungu lao la wiki nne ni 64. Lishe wametumia 56, sawasawa na fungu lao. Vijana wametumia 28 kati ya 40. Mameneja watatu wakikaa mezani na kila mmoja na karatasi yake, yule wa maji anaweza hata kuuliza kwa nini saa zake 16 hazijatumika. Jumla ya mwezi ni saa 132 kati ya 160 za mkataba, kama asilimia 83. Kwa kipimo hicho mtu huyu ana nafasi ya kupewa kazi nyingine, na mara nyingi ndivyo inavyotokea.

Likisomwa kwa mistari, wiki ya pili ina saa 50 za kazi ndani ya uwezo wa 34, na ya tatu ina 36 ndani ya 26. Saa 26 za wiki hizo mbili hazina pa kukaa. Wiki ya nne inabaki na saa 16 tupu, lakini haisaidii kitu, maana ripoti ya lishe iliyotakiwa kabla ya tarehe 15 haiwezi kuandikwa tarehe 24.

Msongamano huu hautokei kwa bahati mbaya. Mwaka wa fedha wa serikali ya Marekani unaanza tarehe 1 Oktoba, wa serikali ya Uingereza tarehe 1 Aprili, wa Tanzania, Kenya na Uganda tarehe 1 Julai, na wafadhili wengine hufuata mwaka wa kalenda, tarehe 1 Januari. Miaka minne tofauti, na mtu angetarajia kwamba ripoti zao zitapishana. Lakini mianzo hiyo imeachana kwa miezi mitatu mitatu, kwa hiyo robo za mwaka za wote zinafungwa siku zilezile: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Mwenye wafadhili wanne ana ripoti nne katika Januari, nne katika Aprili, nne katika Julai na nne katika Oktoba. Kwa Tanzania kuna nyongeza ambayo hakuna mfadhili anayeifikiria: kila mmoja wa miezi hiyo minne una sikukuu ya taifa. Januari ina Mwaka Mpya na Mapinduzi, Aprili ina Siku ya Karume na Muungano, mbali na Pasaka ambayo mara nyingi huangukia humo, Julai ina Sabasaba, na Oktoba ina Siku ya Nyerere. Uwezo unapungua katika mwezi uleule ambao mzigo unapanda. Afisa aliyekaa kazini miaka miwili analijua hilo mwilini, ila hajawahi kulionyesha kwa namba.

Kulionyesha hakuhitaji programu ya gharama. Faili moja la Excel linatosha, mradi liwe na mpangilio unaoruhusu kujumlisha. Karatasi ya kwanza, tuseme inaitwa `Kazi`, ina safu tano: mtu, mradi, kazi, wiki na saa. Kila mstari ni kazi moja ya mtu mmoja katika wiki moja. Kazi inayochukua wiki tatu inaandikwa mistari mitatu. Wiki inatajwa kwa tarehe ya Jumatatu yake, wala si kwa namba, kwa sababu "wiki ya 41" ya mtu mmoja huwa ya 40 kwa mwingine. Karatasi ya pili ina majina ya watu katika safu ya A kushuka chini na tarehe za Jumatatu katika mstari wa kwanza kwenda kulia. Kila kisanduku kinajazwa na fomula moja:

```
=SUMIFS(Kazi!$E:$E,Kazi!$A:$A,$A2,Kazi!$D:$D,B$1)
```

Fomula inajumlisha saa zote za mtu aliyetajwa katika wiki iliyotajwa, bila kujali mradi. Kutojali mradi ndiyo shughuli yake nzima. Karatasi ya tatu, yenye umbo lilelile, inashika uwezo wa kila mtu kwa kila wiki, sikukuu, likizo na saa za ofisi zikiwa zimeshatolewa. Ya pili ikigawanywa kwa ya tatu inatoka asilimia ya mzigo, na kisanduku chochote kinachozidi 100 kinapakwa rangi nyekundu. Inafaa pia kuweka rangi ya manjano kuanzia 85, kwa sababu itakayoelezwa baadaye.

Makadirio ya saa yanatoka kwa mwenye kazi, hayatoki kwa meneja. Meneja wa lishe ataandika kwamba kufundisha wadadisi ni siku mbili, kwa sababu mafunzo yenyewe ni siku mbili. Afisa anayefundisha anajua kwamba kuna madodoso ya kupakia kwenye tableti, majaribio ya kijijini na ukumbi wa kutafuta. Makadirio ya mara ya kwanza yatakosewa, na hilo si jambo kubwa. Kubwa ni kuyalinganisha kila mwisho wa mwezi na karatasi ya saa za kazi, ile ambayo ofisini huitwa taimshiti, ili ya mwezi unaofuata yakaribie ukweli. Kukadiria kwa nusu siku kunatosha. Anayekadiria kwa dakika anajidanganya.

Jedwali likishaonyesha wekundu, kazi inayofuata ni kusogeza, na kwanza inabidi kujua kipi kinasogezeka. Tarehe za ripoti zimo ndani ya mikataba, hazigusiki bila barua. Utafiti wa kaya ni jambo jingine. Hakuna mfadhili aliyetaja wiki yake, ni meneja aliyechagua kwa sababu kalenda yake yeye ilikuwa wazi. Ukisogezwa wiki moja mbele, mafunzo yanahamia wiki ya tatu, kazi ya uwandani ya nne, na saa 8 za kuhakiki takwimu zinatoka nje ya mwezi. Wiki ya pili inashuka kutoka saa 50 hadi 34. Ya tatu inakuwa 34 dhidi ya uwezo wa 26, bado imezidi kwa saa 8.

Hatua ya pili ni takwimu za maji. Ripoti ya robo ina miezi mitatu, na ya Julai na Agosti ilishafika ofisini kabla ya Septemba kwisha. Kuisafisha mapema kunatoa saa 8 katika wiki ya pili na kuzipeleka Septemba, mwezi ambao kwa kawaida hauna msongamano. Nafasi inayopatikana inaruhusu saa 4 za kuandika ripoti zirudi kutoka wiki ya tatu. Sasa wiki ya pili ina saa 30 na ya tatu nayo 30. Hatua ya tatu inahusu ugeni wa mradi wa vijana. Afisa alipangiwa kuzunguka na wageni siku nzima, ingawa wanachohitaji kwake ni maelezo ya viashiria. Mratibu wa mradi akiwapokea na kuwatembeza, afisa anatoa saa 2 badala ya 8. Wiki ya tatu inabaki na 24, ndani ya uwezo wake.

Matokeo ni wiki nne zenye saa 28, 30, 24 na 28. Mzigo wa juu kabisa ni asilimia 92. Hakuna aliyeajiriwa, hakuna ripoti iliyochelewa, na hakuna mradi uliofutwa. Saa 6 zimekwenda kwa mratibu, 8 zimerudi Septemba, 8 zimesogea mwishoni mwa mwezi. Hatua zote tatu ziliwezekana kwa sababu jedwali lilisomwa mwanzoni mwa Septemba. Lingesomwa tarehe 7 Oktoba, wadadisi wangekuwa wameshaitwa na wageni wameshakata tiketi.

Jedwali lisiposomwa kabisa, afisa anafanya saa 50 za miradi na 6 za ofisi, jumla 56 katika wiki ya pili. Sheria ya Tanzania inaweka saa za kawaida kuwa zisizozidi 45 kwa wiki, na saa za ziada zinataka makubaliano na malipo yasiyopungua mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Bajeti za miradi mara nyingi hazina fungu hilo, kwa hiyo saa za usiku hazidaiwi wala haziandikwi. Mwisho wa mwezi taimshiti inajazwa 40, 35, 25, kama mwezi uliopita. Ukweli wa wiki ile ni mwingine: kati ya saa 50, maji wamechukua 18, sawa na asilimia 36, lishe 22, sawa na 44, na vijana 10, sawa na 20. Mfadhili wa lishe amelipa 35 akapata 44, na wa vijana amelipa 25 akapata 20. Kwa wiki moja tofauti hiyo ni ndogo, lakini ikijirudia kila robo, fedha za mradi mmoja zinakuwa zinalipia kazi ya mwingine, na mkaguzi akiuliza, karatasi iliyopo haina jibu. Hivyo mzigo uliojificha una mlango wa pili, wa fedha, na mara nyingi ni huo unaomwamsha mkurugenzi ambaye uchovu wa mtu haukumwamsha.

Kuna sababu nyingine ya kutoridhika na kisanduku kinachosoma 100 kamili. Kazi haziji kwa zamu. Nadharia ya foleni inaeleza jambo hili kwa mfano rahisi wa dirisha moja la benki lenye wateja wanaofika bila mpangilio. Dirisha likiwa na shughuli nusu ya muda, mteja anasubiri kwa wastani muda wa kuhudumia mtu mmoja. Likiwa na shughuli asilimia 80 ya muda, anasubiri muda wa watu wanne, na kwa asilimia 90 muda wa watu tisa. Kusubiri hakupandi sawia na mzigo. Kunapanda taratibu, halafu kunaruka. Kazi za ofisi zina mpangilio zaidi ya wateja wa benki, kwa hiyo namba hizo hazihamishiki moja kwa moja, lakini umbo la mchirizi ni lilelile. Mtu aliyejazwa hadi 100 hana mahali pa kuweka simu ya ghafla kutoka halmashauri, na ombi dogo la saa mbili linachelewa wiki mbili. Ndiyo sababu rangi ya manjano inaanza 85.

Kugawanyika kwenyewe nako kuna gharama. Mwanataaluma wa programu za kompyuta Gerald Weinberg aliandika mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwamba kila mradi unaoongezwa kwa mtu unakula kama asilimia 20 ya muda wake kwa kuhama tu kutoka kazi hadi kazi. Namba hiyo imenukuliwa kupita kiasi. Ilikuwa kanuni ya kukadiria, si kipimo cha maabara. Lakini mwelekeo wake unathibitika kwa yeyote aliyewahi kuacha faili la takwimu za visima saa nne asubuhi ili kujibu maswali ya lishe, na kurudi saa nane bila kukumbuka ni safu ipi aliyokuwa ameihakiki. Dawa nafuu ni kumpa mradi mmoja siku nzima au nusu siku. Saa 16 za wiki zikiwa siku mbili kamili zinazaa kazi nyingi kuliko saa tatu tatu za kila siku.

Ofisi isiyo na jedwali bado inaweza kugundua mzigo kwa dalili. Ya kwanza ni taimshiti zisizobadilika, maana hakuna mwaka wa kazi wenye wiki zote sawa. Ya pili ni likizo zilizolimbikizwa: ukitazama orodha ya siku za likizo ambazo hazijachukuliwa, majina ya juu mara nyingi ni ya watu waliogawanywa kwenye miradi mingi zaidi. Dalili nyingine ni kazi inayobaki "karibu tayari" kwa wiki tatu katika miradi miwili kwa mpigo. Kila meneja anaona uzembe wa mtu kwenye mradi wake, na hakuna anayejua kwamba mwenzake analalamika vilevile.

Programu za kompyuta zinasaidia, zikiunganishwa. Katika Microsoft Project, mtu aliyezidiwa huonyeshwa kwa rangi nyekundu, lakini mafaili matatu ya miradi mitatu, kila moja na orodha yake ya watu, hayajui kwamba jina lililomo ni la mtu yuleyule. Yanajua pale tu yanapounganishwa na orodha moja ya pamoja, inayoitwa `Resource Pool`. Bila muunganisho huo, programu ya gharama kubwa inaficha mzigo kama daftari linavyouficha.

Kipo pia kitu ambacho jedwali haliwezi kufanya, nacho ni kuamua. Linaonyesha kwamba wiki ya pili imezidi kwa saa 16, halisemi ni kazi ya nani inayongoja. Mameneja watatu wenye vyeo sawa wakiachiwa uamuzi, anayeshinda ni mwenye sauti kubwa au mwenye mfadhili mkali, na afisa ndiye anayegeuzwa mpatanishi. Kwa hiyo faili linashikwa na mtu aliye juu ya miradi yote, kwa kawaida meneja wa programu, na linapitiwa kila Jumatatu kwa robo saa, macho yakiwa kwenye wiki sita zijazo. Watu nao wanahitaji kuhakikishiwa matumizi yake. Jedwali likianza kutumika kuuliza kwa nini fulani ana asilimia 53 wiki hii, kufikia mwezi unaofuata kila mtu atakuwa na 98.

Mahali pa mwisho pa kuangalia ni pale mzigo unapozaliwa, kwenye andiko la mradi mpya. Usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha, mwandishi anahitaji jina la afisa ufuatiliaji, na jina lililopo ni lilelile. Anaandika asilimia 30. Andiko likishinda miezi minane baadaye, hakuna anayekumbuka kwamba mtu huyo alikwishajaa. Shirika la serikali ya Marekani linalofadhili sayansi, NSF, huwataka watafiti wakuu wanaoomba fedha kutaja miradi yote waliyonayo na pia ile waliyoomba na bado wanasubiri, kila mmoja kwa miezi ya kazi badala ya asilimia: asilimia 25 ya mwaka inaandikwa miezi mitatu. Asasi inaweza kujiwekea utaratibu huohuo bila kusubiri kuulizwa. Mstari wa andiko linalosubiri unaingizwa katika karatasi ya `Kazi` kwa rangi ya kijivu, kuanzia mwezi ambao mradi ungeanza. Afisa wa Mwanza akiongezewa asilimia 30, anafika 130 kwenye mstari wake, na mwandishi anajua usiku uleule kwamba bajeti inahitaji fungu la mtu wa pili.